Lugha Nne Katika Mstari Mmoja

Juma lililopita mpwa wangu alinijia nyumbani akiwa na karatasi mkononi na huzuni usoni. Yeye ni mhasibu, mzaliwa wa Tanga, na alikuwa ameomba kazi katika kampuni moja ya Maskati. Katika wasifu wake aliandika: "Ninazungumza kwa ufasaha Kiswahili, Kidigo, Kiingereza na Kiarabu." Usaili ukafanyika kwa simu. Baada ya salamu, msaili akamwuliza kwa Kiarabu namna anavyofunga hesabu za mwisho wa mwezi.

"Mjomba," aliniambia, "nilishika neno mojamoja, kisha nikanyamaza."

Hakukusudia kudanganya. Alisoma madrasa miaka minane, anausoma Msahafu kwa tajwidi, na nahau amefundishwa. Kosa lake ni kuyaweka chini ya neno "ufasaha" mambo matatu yaliyo mbalimbali. Tukakaa kuyatenganisha.

La kwanza ni lugha ya asili. Jina hili laeleza mahali lugha ilipotoka, wala halipimi kiwango chake. Kidigo alikipata kwa mama yake, lakini hajapata kuandika barua hata moja kwa lugha hiyo, wala hana maneno yake ya kuelezea kodi na mizania. Kiswahili nacho ni lugha yake tangu utotoni, ila hiki amekisomea na hukiandika kila siku. Zote mbili ni za asili, na uwezo wake katika hizo haulingani.

La pili ni ufasaha. Aliye fasaha huzungumza jambo asilolitayarisha bila kumchosha anayemsikiliza. Nikamwuliza, "Mteja akikupigia simu kwa hasira juu ya ankara usiyoijua, utamjibu kwa Kiingereza?"

"Hilo hunipata kila wiki, Mjomba."

"Na kwa Kiarabu?"

Akatazama chini.

Sababu yake haikuwa uvivu. Tajwidi huufunza ulimi kutamka sawasawa maneno yaliyokwisha kuandikwa; haiufunzi kutunga sentensi zake wenyewe. Tena Kiarabu cha madrasa ni fusha, na watu wa Ghuba katika maongezi yao hutumia lahaja zao. Neno "sasa", ambalo katika fusha ni "al-aan", huko utalisikia "alhiin". Elimu yake ni ya kweli, lakini siyo ile aliyoulizwa kwenye simu.

La tatu ni lugha ya kazi, yaani ile inayokutosha kwa shughuli maalumu tu. Hii haifai kutajwa bila kuitaja shughuli yenyewe. Nikampa ankara ya Kiarabu. Akasoma tarehe, majina ya bidhaa na jumla ya fedha bila shida. Barua fupi ya biashara akaielewa kwa msaada wa kamusi. Huo ndio mpaka wake, na ndio wa kuandikwa.

Upo pia mizani wa Baraza la Ulaya, uliotolewa mwaka 2001, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Katika ngazi ya B2 mtu huweza kuzungumza na wenye lugha pasipo taabu kwa upande wowote. Aliyefanya mtihani na aandike ngazi aliyopata pamoja na mwaka wake. Asiyefanya aseme wazi kuwa hayo ni makadirio yake mwenyewe.

Mwishowe tuliandika hivi: "Kiswahili na Kidigo ni lugha zangu za asili, Kiswahili nakizungumza na kukiandika kikazi, Kidigo nakizungumza tu. Kiingereza nakitumia kwa ufasaha. Nimeandika kwacho taarifa za fedha kwa miaka sita. Kwa Kiarabu nasoma ankara, na barua fupi za biashara kwa msaada wa kamusi; mazungumzo yangu ni ya mwanzo."

Akasita. "Mjomba, mstari huo wa mwisho utanikosesha kazi."

Nikamjibu kuwa kazi inayohitaji Kiarabu cha simuni ameshaikosa. Lakini ipo ofisi ambayo ankara zake hutoka Maskati na barua zake huandikwa kwa Kiingereza. Hiyo itautafuta mstari uleule. Tena msaili akigundua dai moja si kweli, hutilia shaka hata Kiswahili chako.

Alitaka pia kukifuta Kidigo, akidhani hakina faida kwa mhasibu. Nikamzuia. Wakopeshaji wadogo wa Mkinga na Kwale wana wateja wanaoeleza shida zao kwa Kidigo, na kwa kazi hiyo kuzungumza tu kunatosha.

Aliutuma wasifu mpya usiku uleule, kwa ofisi nyingine. Jibu hatujalipata. Safari hii, simu ikilia, hakuna swali litakalomkuta amedai asichonacho.