Deni Kwanza, Sufuria Baadaye?

Mshahara wa mfanyakazi mmoja wa Nairobi huingia tarehe 28. Kodi ya nyumba hudaiwa ifikapo tarehe 5, zamu ya chama ni tarehe 10, maji tarehe 15, intaneti tarehe 18, na benki hukata mkopo tarehe 20. Tarehe hizo hazikupangwa na mtu mmoja. Ya mkopo, kwa mfano, mara nyingi hutokana tu na siku pesa zilipotolewa. Ndiyo maana ushauri wa kusogeza bili zote karibu na mshahara umekuwa maarufu, na kwa sehemu kubwa ni ushauri mzuri. Kinachosahaulika ni kuuliza nani hasa anafaidika.

Tuchukue mfano wa mtu anayebakiwa na shilingi 48,000 baada ya makato. Kodi ni 14,000, mkopo 9,500, chama 3,000, intaneti 2,500, na maji pamoja na taka 1,500. Jumla ni 30,500. Zinabaki 17,500 za chakula na nauli, yaani kama 580 kwa siku. Lakini kwa kuwa akaunti bado inaonekana imeshiba, yeye hutumia 800 kwa siku bila wasiwasi. Kufikia asubuhi ya tarehe 20, siku 22 zimekula 17,600, na bili nyingine zimeshachukua 21,000. Zimebaki 9,400, na benki inataka 9,500. Makato yanakwama kwa upungufu wa shilingi mia moja, faini inaongezwa, na bado kuna siku nane kabla ya mshahara. Hapo ndipo Fuliza inapoingia, na ada yake ya kila siku.

Sasa mkopo, maji na intaneti vihamishiwe tarehe 2 au 3, na chama kikubali tarehe 5. Ndani ya wiki moja bili zote zimelipwa, na fungu la chakula na nauli la mwezi mzima linaonekana wazi kuwa 17,500 tupu. Mwenye pesa anaona ukweli mapema, na anaweza kuzigawa kwa wiki, takriban 4,000 kila moja, au kununua unga, mchele, mafuta na gesi siku hiyohiyo, kabla nauli na vitu vidogovidogo havijaanza kuzimega.

Ila hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka. Akiendelea kutumia 800 kwa siku, pesa zitakuwa zimeisha kufikia tarehe ileile ya 20. Tofauti ni kwamba safari hii benki imeshalipwa na kinachokosekana ni chakula. Kusogeza tarehe humlinda mdai kwanza na kuiacha hatari yote jikoni. Si sababu ya kuukataa mpango huo, kwa sababu faini na riba za kuchelewa ni hasara halisi. Ni sababu ya kudai kwamba mdai anayepata uhakika wa kulipwa naye alegeze kidogo.

Legezo lenyewe ni rahisi kulipima. Mkopo wenye salio la 250,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ukisogezwa kutoka tarehe 20 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, huzaa riba ya siku 13 zaidi, kama shilingi 1,420. Mteja asipouliza, huenda akaikuta imejumlishwa kwenye salio. Benki inayopunguza hatari ya makato kukwama ingeweza kuisamehe riba hiyo mara moja, na mdhibiti angeweza kudai kwamba kila mkopo wa mshahara utolewe na nafasi ya kuchagua tarehe bila malipo.

Tarehe yenyewe isiwe siku ya mshahara. Agizo la kudumu la benki linaweza kujaribu kukata alfajiri, ilhali mshahara ukaingia saa sita mchana, na jaribio hilo likahesabiwa kuwa limeshindwa. Siku tatu au nne za nafasi humaliza tatizo hilo, pamoja na lile la wikendi.

Lakini Desemba huvuruga hesabu zote. Waajiri wengi hulipa kabla ya Krismasi, hivyo bili za tarehe 2 Januari hutegemea pesa iliyoingia karibu wiki mbili nyuma, na sherehe zimepita katikati. Mwezi huo, bili za Januari ni bora zilipwe siku ileile mshahara wa Desemba unapoingia.

Wanaoumia zaidi ni watumishi wa kaunti, ambao mishahara yao huchelewa pale fedha kutoka Hazina zinapokawia. Kwao tarehe maalumu haina maana. Kinachowafaa ni makato yanayofuata mshahara wenyewe, kama Sacco zinavyofanya kupitia mwajiri: mshahara ukichelewa, makato nayo husubiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili za ujira, kwa hiyo angalau theluthi moja humfikia mfanyakazi. Benki inayokata yenyewe kwenye akaunti, baada ya mshahara kuingia, haiko chini ya kikomo hicho cha mwajiri, na hapo ndipo kanuni mpya inahitajika.