Tusimulaumu mtunza makuta mbele ya kuangalia jedwali

Koperative yetu ilifungua Excel, « Insertion », « Tableau croisé dynamique ». Tukaweka Mwezi mu « Lignes », Aina ya mazao mu « Colonnes », Franka mu « Valeurs ». Maharagwe ya mwezi wa tatu: 14! Wote tukamtazama mtunza makuta.

Kumbe jedwali liliandika « Nombre de Franka »: lilihesabu mara tulizouza, si franka. Kisanduku kimoja kiliandikwa 60000 FC, na Excel iliisoma kama maneno. Ilikuwa imelala kushoto, namba zingine kuume.

Kuchagua « Somme » peke yake haitoshi: ile 60000 haitaingia mu jumla. Kwa maoni yetu, tufute kwanza FC, tubonyeze « Actualiser », halafu « Somme ». Hapo ndipo tumuulize mtu makuta iko wapi.