Punguzo la siku kumi si dogo
Baadhi yetu wenye maduka tunaliona punguzo la asilimia 2 ni kitu kidogo. Jamani, tupige hesabu.

Ankara ya riyali 1,000 inasema: ukilipa ndani ya siku 10 unatoa 980, ukingoja mpaka siku ya 30 unatoa 1,000 kamili. Yaani unalipa riyali 20 kwa kukaa na 980 siku 20 tu. Mwaka una vipindi kama hivyo 18 na robo. Ukivilimbikiza, gharama inafika karibu asilimia 44.6 kwa mwaka.

Una akiba imelala? Lipa siku ya 10. Huna? Basi ngoja ya 30. Usilipe ya 15: punguzo limeshapita, na pesa imeondoka mapema bure.