Kabla Hujakata Bima, Kata Hivi Kwanza (Sehemu ya 6)

Mama zangu, hela ikibana, naona wengi mnaanza kukata bima ya afya. Sababu yenu ni ileile: "Miezi mitano hatujaumwa, tunalipia nini?" Mimi nasema bima iwe ya mwisho kuguswa. King'amuzi ukikiacha mwezi mzima, siku ukilipa picha zinarudi. Bima haiko hivyo. Nyingi ukizirudia unaanza upya kipindi cha kusubiri, na kwa uzazi hicho kinaweza kuwa miezi tisa au zaidi. Ukikata leo, ukashika mimba mwezi ujao, leba utalipa mfukoni.

Sasa tukate wapi? Chukua taarifa ya miezi mitatu ya benki na ya hela ya simu, ya kwako na ya baba watoto. Piga mstari kila malipo yanayojirudia. Halafu jiulize: mara ya mwisho tumekitumia lini?

Tuchukue nyumba ya mfano. King'amuzi 35,000, intaneti 70,000, filamu za mtandaoni 15,000, jimu 50,000, bima 40,000. Ukichungulia salio la simu unakuta pia meseji za mapishi na michezo, shilingi 100 kwa siku, laini mbili. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi. Jumla 216,000.

Meseji: futa, hakuna anayezisoma. Jimu: mama kajifungua juzi, simamisha, ila uliza kwanza kama mkataba unaruhusu. King'amuzi: simamisha hadi watoto wafunge shule, maana filamu wanaangalia kwenye simu. Intaneti: shusha hadi kifurushi cha 50,000, ujaribu mwezi mmoja. Jioni wote mkiwa nyumbani video ikikwamakwama, kimekuwa kidogo, rudisha. Filamu na bima zibaki. Mwezi huo wanalipa 105,000 na kadi ya mtoto bado inafanya kazi.

Kosa ninalolisikia sana ni hili: mtu anafuta programu kwenye simu, anadhani amejitoa. Wala hujajitoa! Hela itaendelea kukatwa. Kwenye simu za Android fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", ndipo usitishe. Kama ulijiungia kwenye tovuti yao, jitoe hukohuko. Na usisubiri siku ya mwisho. Mara nyingi ukisitisha leo unaendelea kutumia hadi muda uliolipia uishe. Mwezi unaofuata angalia tena taarifa. Mstari ukiwa bado upo, hujatoka.

Na bima ikikulemea kweli, usiiache kimyakimya. Piga simu, uliza kifurushi cha chini yake, na uliza kabisa: nikihamia huko, kusubiri kunaanza upya? Jibu waombe wakutumie kwa maandishi.