Mbuzi aliingia au waliingia?

Jumapili iliyopita nilikuwa Mlali, nyumbani kwa kaka. Binti yake wa kidato cha kwanza alinijia na daftari la mazoezi. "Shangazi, hapa nimekosa nini?" Swali lilisema: Mbuzi ___ (ingia) shambani jana. Aliandika "waliingia", akapigwa mkasi. Jibu la mwalimu lilikuwa "aliingia".

Hakukosa. Mbuzi ni mbuzi, awe mmoja au kumi, na sentensi haikusema ni wangapi. Kosa lilikuwa kwenye swali. Alama moja ilikuwa imepotea, lakini lililomuuma ni kuanza kuamini kwamba hajui Kiswahili.

Mzazi anayemtungia mwanawe mazoezi jioni anaweza kuangukia hapo hapo. Andika swali, kisha jijibu kwa njia zote unazoweza. Yakipatikana majibu mawili sahihi, ongeza neno la kulibana. "Jana mbuzi wawili ___ (ingia) shambani" lina jibu moja: waliingia. Ondoa "jana" na utapata pia wameingia, wanaingia na wataingia.

Vimilikishi navyo ni mtego. Wapo wanaosema "mbuzi wangu wameingia" na wapo wanaosema "mbuzi zangu wameingia". Ukiuliza hapo, majibu yako yakubali yote mawili. Kitenzi tu ndicho hakibadiliki: mbuzi ni kiumbe hai, hufuata A-WA, kwa hiyo "zimeingia" hapana.

Swali la pili nililomtungia lilikuwa: Kipofu ___ (-le) amevuka barabara. Aliandika "kile". Jibu ni "yule". Alitazama ki- ya mwanzo akadhani ni KI-VI kama kiti, kumbe kipofu, kijana na kiongozi ni watu, nao ni A-WA.

La tatu nililitoa kwenye kazi yangu: Andika kwa wingi, "Ugonjwa huu unatibika." Jibu ni "Magonjwa haya yanatibika", alama tatu, moja kwa kila neno. Yeye aliandika "Ugonjwa hizi zinatibika".

Hapa ndipo karatasi ya majibu inapofanya kazi zaidi ya kusahihisha. Kando ya jibu sahihi, andika na kosa unalolitarajia na maana yake. "Hizi zinatibika" inaonyesha kwamba mtoto anapatanisha vizuri, kiashiria na kitenzi vinakubaliana, ila ameiweka nomino kwenye ngeli isiyo yake. Angeandika "Magonjwa hizi yanatibika", nomino na kitenzi vingekuwa sawa, tatizo likawa kiashiria peke yake. Ni kama homa: mgonjwa wa malaria na wa kidonda kilichooza wote wanachemka, lakini huwapi dawa moja.

Tulirudia la tatu kwa "ugomvi" na "ugonjwa" hadi giza likaingia. Daftari lenye mkasi amelipeleka kwa mwalimu wake Jumatatu, na kaka kamsindikiza.