Mchoro wa Faida na Hila Zake

Uongo wa maneno hujibiwa kwa maneno, lakini uongo wa mchoro hupita machoni kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza. Msomaji, nataka kusimama kinyume cha uongo huu wa pili, kwa kuwa unao watetezi wengi. Watetezi wake husema hivi: "Tarakimu zetu zote ni za kweli, kwa hiyo mchoro wetu hauna dosari." Hoja hii haifai kukubaliwa. Mizani yaweza kuwa sahihi, na mwuzaji akapunja kwa kidole alichoficha chini ya sahani. Vivyo hivyo tarakimu za kweli zaweza kupangwa hata zikashuhudia uongo.

Tazama ni nani anayepunjwa. Katika mtaa wa Riruta Satellite, magharibi mwa Nairobi, jirani na Kawangware, akiba hupatikana kwa jasho. Mama mboga aamkaye kabla ya alfajiri, fundi wa viatu, kijana wa bodaboda, kila mmoja hutoa shilingi chache kila juma katika chama chake. Chama kikikusanya fedha za kutosha, hatokosekana mtu wa kuja na karatasi, au picha katika simu, yenye mstari unaopaa kama tiara. Wanachama hawana siku nzima ya kusoma kurasa za hesabu. Wana dakika moja ya kutazama picha. Basi aliyeichora picha ndiye anayewaamulia. Amana kubwa namna hiyo haistahili kuchezewa.

Hila ya kwanza ni kukata miguu ya kipimo. Tuseme kipande kimoja cha mfuko wa akiba kilikuwa na thamani ya shilingi 100 mwaka wa kwanza, 101 mwaka wa pili, 102 mwaka wa tatu, na 103 mwaka wa nne. Hiyo ni faida ya shilingi 3 kwa kila 100, na imechukua miaka mitatu kupatikana. Sasa chukua karatasi ya miraba uchore nguzo nne, lakini kipimo cha pembeni usikianzishe kwenye sifuri. Kianzishe kwenye 99. Nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa mraba mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu, na ya nne minne. Hukuandika tarakimu hata moja ya uongo, walakini jicho linaona mali iliyoongezeka mara nne. Chora tena ukianza kwenye sifuri, na nguzo zote nne zitakaribia kulingana. Huo ndio ukweli wa mfuko ule.

Watetezi hujibu kwamba kuanza kwenye sifuri huficha mabadiliko madogo. Jibu lao lina chembe ya haki, nami sitaikataa. Katika mchoro wa nguzo, urefu wa nguzo ndio maana yake. Ukiukata umeikata maana, na hapo hapana udhuru. Katika mchoro wa mstari, jicho hufuata zaidi kupanda na kushuka. Kwa hiyo mchoraji aweza kuanza juu ya sifuri, mradi aseme hivyo waziwazi, aandike tarakimu za mwanzo na mwisho, na kama analinganisha mifuko miwili, aipime yote kwa kipimo kimoja.

Hila ya pili ni ya siri zaidi, nayo ni kuchagua siku ya kuanzia. Chukua mfano wa hisa ambayo Wakenya wengi wanaijua. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza sehemu ya hisa zake za Safaricom kwa wananchi kwa shilingi 5 kila hisa, na waombaji walizidi laki 8. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Agosti 2021 ilipita shilingi 44. Mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa karibu shilingi 14.

Sasa waweke watu watatu, kila mmoja na shilingi 10,000, na wote wapimwe mwisho wa 2023. Aliyenunua kwa shilingi 5 mwaka 2008 alikuwa na takriban shilingi 28,000. Aliyenunua kwa shilingi 3 mapema 2009 alikuwa na zaidi ya 46,000. Aliyenunua kwa shilingi 44 mwaka 2021 alibaki na 3,200 hivi. Gawio halimo katika hesabu hizi. Hisa ni ile ile, na siku ya mwisho ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kwanza tu. Mwenye kutaka kuuza atachora "tangu 2009" na wewe utaona mlima. Mwenye kutaka kukutisha atachora "tangu Agosti 2021" na wewe utaona korongo. Kosa si la hisa wala la kampuni. Ni la mkono uliochagua mahali pa kuweka kalamu.

Wala usidhani kwamba maneno "miaka mitano iliyopita" yanakukinga. Muda huo ni kama dirisha linalosogea. Mwaka wa anguko ukitoka nje ya dirisha, mchoro huanza chini bondeni badala ya kileleni, na faida ya miaka mitano huonekana imeruka, hali ya kuwa huenda bei ya leo haikuongezeka hata senti. Hapo ndipo matangazo huwa mengi.

Tena jihadhari na jumla isiyotajiwa miaka. Kutoka shilingi 5 hadi 14 ni ongezeko la asilimia 180, na neno hilo hujaza kinywa. Lakini lilichukua miaka kumi na mitano na nusu. Kwa kuwa faida huzaa faida, haifai kugawanya 180 kwa idadi ya miaka. Ukikokotoa sawasawa utapata takriban asilimia 7 kwa mwaka, kabla ya gawio. Na katika miaka hiyo bei ya unga nayo haikukaa ilipokuwa.

Je, uaminifu unataka nini? Unataka mchoraji aonyeshe historia yote, tangu siku ya kwanza. Unataka vipindi viwekwe kabla ya matokeo kujulikana, yaani mwaka 1, 3, 5 na 10, na visibadilishwe vinapoaibisha. Unataka faida itajwe kwa mwaka, baada ya kutoa ada, na isemwe kama gawio limo au halimo. Mwisho, unataka anguko kubwa kuliko yote litajwe kwa tarakimu, lisifichwe ukingoni.

Atakayesema kwamba mchoro wa namna hiyo hauvutii wateja amekiri mwenyewe kwamba alichokuwa akiuza ni mvuto. Basi, msomaji, ukiletewa mstari unaopaa, tia kidole kwenye pembe ya chini kushoto. Hapo hukutana mwanzo wa kipimo na mwanzo wa wakati, na hapo ndipo hila zote mbili hujificha. Uliza kwa nini kipimo kinaanzia pale, na kwa nini tarehe ni ile. Asiyekuwa na jibu, asipewe fedha ya chama.