Cherehani Moja, Kurasa Mbili



Tunapozunguka katika mashamba na viwanda tunasikia maneno haya mara kwa mara: "Kitu kinachokuletea pesa ni mali, na kitu kinachokula pesa yako ni deni." Maneno haya ni mepesi kukumbuka, lakini sisi tunaona kwamba yanapoteza watu. Tutaeleza sababu kwa habari ya mwenzetu mmoja, mshonaji wa mjini Jinja, Uganda.

Mama huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alipoachishwa kazi, kiinua mgongo chake alinunulia cherehani ya kukanyaga, akailipia yote siku ile ile. Akaiweka barazani akawa anashona sare za shule. Mteja huleta kitambaa chake, naye hutoza shilingi 8,000 kwa ushonaji wa gauni moja.

Mwezi wa Januari, kabla ya shule kufunguliwa, kazi ilimzidi. Alishona usiku kucha, na wengine bado aliwarudisha. Mfanyabiashara mmoja akamjia na cherehani ya umeme. Bei yake taslimu ilikuwa shilingi 900,000. Kwa kukopa, angetoa kwanza 300,000, kisha 80,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Mama alikuwa na 300,000 za kazi ya Januari, akatia sahihi. Alituambia kwa furaha: "Sasa nina mali mbili."

Februari watoto walikuwa wamekwisha kuvaa sare zao. Kazi iliyobaki ilikuwa kutia viraka, kubadilisha zipu na kupunguza suruali, na kazi hiyo cherehani ya zamani iliiweza peke yake. Ile ya umeme ikafunikwa kitambaa. Lakini kila mwisho wa mwezi shilingi 80,000 zilitakiwa, nazo ni ushonaji wa magauni kumi kabla hajanunua hata chumvi. Alilipa Februari, akalipa Machi, akalipa Aprili. Mwezi wa Mei hakuwa na kitu. Alipokuja kwetu alisema: "Ndugu zangu, hii cherehani si mali tena, imekuwa deni. Nairudisha."

Tulimwambia asubiri kwanza, tukachukua daftari la mtoto wake na kufungua kurasa mbili. Ukurasa wa kulia tukaandika MALI, maana yake vyote alivyo navyo na vyote anavyodai. Ukurasa wa kushoto tukaandika DENI, maana yake vyote anavyodaiwa na watu.

Upande wa mali, cherehani ya kukanyaga tuliiandika 250,000, kwa kuwa ndiyo bei ambayo ingeuzwa siku ile, si bei aliyonunulia. Ile ya umeme fundi aliikadiria 500,000. Mama alishangaa, kwa kuwa miezi michache tu ilikuwa imepita tangu iuzwe 900,000. Lakini chombo kikitoka dukani kimekwisha kuwa chombo kilichotumika, hata kama kimefunikwa kitambaa. Wazazi watatu walikuwa hawajamlipa, jumla 60,000. Hizo nazo ni mali, kwa sababu deni la mtu kwako ni mali yako. Fedha mkononi zilikuwa 20,000. Jumla ikawa 830,000.

Hapo mama alionyesha vitambaa vilivyojaa rafu, akauliza mbona hatukuviandika. Tulimwuliza ni vya nani. Akajibu ni vya wateja. Basi si mali yake, ijapokuwa vimo nyumbani mwake.

Upande wa deni tuliandika miezi saba iliyobaki, yaani 560,000. Tulipomwuliza kama kuna kingine alisema hapana. Lakini wateja wengine walikuwa wamemlipa 40,000 mapema kwa magauni ambayo alikuwa hajayagusa. Fedha hizo alikuwa amekwisha kuzila akidhani ni mapato. Hilo nalo ni deni, ila analilipa kwa kazi badala ya fedha. Jumla ya deni ikawa 600,000.

Toa 600,000 katika 830,000, inabaki 230,000. Hicho ndicho kilichokuwa chake hasa. Januari, kabla ya kutia sahihi, alikuwa na cherehani ya 250,000 na fedha 300,000, jumla 550,000, wala hakudaiwa na mtu. Alikuwa amefanya kazi miezi mitatu bila kupumzika, naye amerudi nyuma kwa shilingi 320,000.

Sasa tunarudi kwenye ile methali ya mjini. Cherehani ya umeme haikugeuka kuwa deni. Ilikuwa mali tangu siku ya kwanza, ila mali isiyofanya kazi na inayopungua bei. Deni lilikuwa katika karatasi aliyotia sahihi. Vitu hivi viwili viliingia nyumbani siku moja, lakini kila kimoja kina njia yake ya kutoka. Mama alidhani kuirudisha cherehani ni kulirudisha deni. Tulisoma naye ile karatasi mstari kwa mstari. Ilisema kwamba chombo ni cha mwenye duka mpaka fungu la mwisho lilipwe, kwa hiyo mama hawezi kukiuza. Tena ilisema kwamba chombo kikirudishwa, mwenye duka atakiuza kwa bei atakayopata, na upungufu utalipwa na mkopaji. Kama kingeuzwa 400,000, mama angebaki bila cherehani ile, naye angali anadaiwa 160,000.

Shauri lililobaki lilikuwa kuipatia kazi. Mwenzake mmoja waliyeachishwa naye kazi alikuwa nyumbani, na ufundi anao. Walipatana kwamba katika kila 8,000, mshonaji achukue 5,000, na 3,000 ziwe za cherehani. Tulipiga hesabu: ili kupata 80,000 kwa mwezi, cherehani ishone magauni 27, na umeme bado haujalipwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyopaswa kufanywa Januari. Mama angejua kwamba mwezi wa kufungua shule magauni 27 yapo, bali mwezi wa Machi hayapo.

Mwisho wa Mei muhula wa pili ulifunguliwa, kazi ikaja. Miezi mingine walifikisha 27, miezi mingine mama aliongezea kutoka cherehani ya kukanyaga. Miezi miwili alichelewa, akatozwa faini. Fungu la mwisho alilipa Januari, badala ya Novemba. Siku hiyo alichora mstari katika ukurasa wa kushoto. Cherehani ni ile ile, na sindano ni ile ile, ila sasa zile 3,000 zinabaki nyumbani. Sehemu yake anaiweka kando, kwa sababu mota nayo ina siku yake ya kuungua.

Hatusemi watu wasikope. Tunasema kwamba kabla ya kutia sahihi, mfanyakazi afungue kurasa mbili, aandike chombo kwa bei ambayo kingeuzwa kesho, na deni kwa jumla yote ya mafungu. Kisha ahesabu ni kazi ngapi zitakazolipa fungu moja katika mwezi ule ulio mbaya kuliko yote. Muuzaji atakuhesabia mwezi wa Januari. Mwezi wa Machi itakubidi uuhesabu mwenyewe.